Sikufukuzwa Nyumba, Nilikosea Tarehe

Ile picha inayosambaa ya mtu na vyombo vyake pembeni ya barabara ni yangu. Sofa ni langu, ndoo nyekundu ni yangu, na huyo aliyekaa juu ya sofa kwenye vumbi la Isyesye, Mbeya, koti limefungwa mpaka kidevuni, ni mimi. Ila maneno yaliyoandikwa chini ya picha, kwamba "mwenye nyumba kamtupia vyombo nje", ni ya yule jamaa yetu wa stoo kazini, na Mungu anamwona. Sikufukuzwa. Nilihama mwenyewe kwa hiari yangu, na barua ya likizo iliyosainiwa ninayo.

Shida ilianzia kwenye hiyo hiyo barua.

Nyumba ya zamani kule Iyunga nilishatoa taarifa kwamba natoka tarehe 30 Juni. Mpangaji mpya keshalipa, anasubiri niondoe mguu tu. Nyumba mpya mkataba unaanza tarehe 1 Julai. Mnaona ilivyonyooka? Natoka Jumatatu, naingia Jumanne, Jumatano napanga vyombo. Siku tatu.

Jamaa wa stoo (huyo huyo) akanishauri niandike msiba, maana ukifiwa na bibi sheria inakupa siku nne zenye malipo, lakini kuhama nyumba hakuna likizo yake, unakatwa kwenye zile siku 28 za mwaka. Nikamwambia bibi yangu yuko Tukuyu, mzima wa afya, anapalilia migomba. Sitamuua kwa ajili ya kabati. Nikaandika ukweli:

"YAH: OMBI LA LIKIZO YA SIKU 3. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo kuanzia tarehe 30 Juni hadi 2 Julai ili kuhamia makazi mapya, ambayo nitakabidhiwa tarehe 1 Julai. Nakala ya mkataba imeambatanishwa."

Hiyo sentensi ya mwisho niliiongeza kwa kiburi, ndugu zangu. Hakuna aliyeniomba mkataba. Nilitaka bosi aone huyu ni mtu wa vielelezo.

Bahasha ilirudi baada ya siku mbili. Juu, kwa kalamu nyekundu: "Imeidhinishwa." Mimi nikisoma neno hilo huwa siendelei kusoma. Nikaitumbukiza kwenye begi.

Jumatatu nikafunga vyombo na kukabidhi funguo za Iyunga, nikalala kwa jirani. (Nimeacha yuniti 52 za luku kwenye ile nyumba. Umeme hauhamishwi, unabaki na mita. Mpangaji mpya kanitumia ujumbe kusema "asante kaka". Sijamjibu mpaka leo.)

Jumanne saa 5 kirikuu kimejaa, tumepita Mafiati, tumepita Kabwe, nimeshikilia kioo cha kabati kama mtoto mchanga. Tunafika Isyesye, nagonga geti. Anatoka mama mmoja ana mwiko mkononi, unga umemganda kwenye vidole. Nyuma yake kuna watoto watatu, televisheni inaongea, pazia limetundikwa. Pazia la mtu anayeishi humo.

"Karibu baba."

"Asante mama. Mimi ndiye mpangaji mpya."

Akaniangalia, akaangalia kirikuu, akaniangalia tena kwa huruma ambayo sitaisahau. "Mbona sisi tunatoka Alhamisi?"

Dereva wa kirikuu hakutaka hadithi. Alikuwa na mzigo wa viazi unamsubiri. Ndani ya dakika kumi kila nilichomiliki duniani kilikuwa chini ya mti, na yeye keshageuza. Nampigia dalali, simu inaita mpaka inakata. Dalali ambaye wakati wa kudai kodi yake ya mwezi mmoja alikuwa anapokea hata saa 5 usiku.

Basi nikakaa. Ungefanyaje? Ukisimama karibu na vyombo vyako unaonekana mlinzi, ukikaa unaonekana mwenye navyo. Julai ya Mbeya mnaijua, jua linawaka na bado meno yanagongana, upepo unashuka kutoka Loleza kama umetumwa kwako. Nikajifunika shuka. Mama wa geti akaniletea chai. Ndaga sana, mama, ile chai ndiyo iliyonibakiza hai.

Sasa hapa ndipo ninapoomba mniache nipumue kidogo.

Saa 7 na nusu gari likapita taratibu. Nikalitambua kabla halijasimama. Likapita. Likasimama. Likarudi nyuma, lile la kurudi nyuma linalolia tiit, tiit, tiit. Kioo kikashuka. Bosi wangu. Pembeni yake dada wa utumishi. Kiti cha nyuma, simu keshaishika mkononi, jamaa wa stoo.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa ndani ya shuka, kikombe mkononi, juu ya sofa.

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nahamia, mama."

Akanyamaza. Dada wa utumishi akainama kidogo ili anione vizuri, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani ile bahasha hukuifungua?"

Nikavuta begi. Nikatoa bahasha. Nikageuza barua, nikafika kwenye nakala ya mkataba, ukurasa wa pili, ukurasa ambao nilisaini chini bila kuusoma kwa sababu bei ilikuwa ukurasa wa kwanza. Kifungu cha 7 kilikuwa kimezungushiwa penseli, na pembeni alama ya swali kubwa kama ndoano: "Makabidhiano ya nyumba na funguo yatafanyika tarehe 4 Julai saa 10 jioni, baada ya mpangaji wa awali kuondoka, ukaguzi na kusoma mita. Siku tatu zitaongezwa mwisho wa mkataba."

Upangaji unaanza tarehe 1. Funguo tarehe 4. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Na ushahidi kwamba si kitu kimoja niliuambatanisha mwenyewe.

"Nilidhani una sehemu ya kusubiria," akasema dada.

Bosi yeye alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye usukani. "Tarehe 4 ni Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hatufanyi kazi. Jumatatu ni Saba Saba. Wewe kijana, ungeomba siku moja tu, ungepata nne."

Nyuma nikasikia simu inapiga picha. Kacha.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama wa geti alinihifadhia vyombo barazani, nikalala siku mbili kwa jamaa wa stoo (ndiyo, kwa huyo huyo, na ananidai sukari), leo Alhamisi nimerudi kazini, wote wananiuliza sofa halijambo.

Na makabidhiano yako kesho saa 10 jioni, muda niko zamu. Nimepeleka barua nyingine leo asubuhi, ruhusa ya saa mbili. Imerudi imeidhinishwa. Safari hii nimeisoma mpaka chini, na chini kabisa, kwa penseli, dada kaandika: "Kiambatanisho kiko wapi?"