Meli iliyoingia Sudi

"Mwalimu, shikamoo. Babu yetu kila siku anasimulia meli ya Mjerumani iliyoingia Sudi na mizinga wakati wa vita vya kwanza, ikashusha, ikaondoka zake. Sasa Waingereza walikuwa wamezingira nini? Sheria ya vita inaukubali mzingiro kama huo, au ulikuwa wa karatasi tu?"

Marahaba. Babu hakudanganya. Meli iliitwa Marie, na iliingia kwenye ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, Machi 1916, mwaka mzima baada ya Waingereza kutangaza kwamba pwani yote ya koloni la Wajerumani imefungwa. Ndani yake mlikuwa na mizinga minne mikubwa ya milimita 105, midogo miwili ya kupigania milimani, na shehena ya risasi na dawa. Mzigo ulishushwa, ukabebwa vichwani na wapagazi kwenda bara. Aprili manowari za Waingereza ziliikuta bado imejificha humo, zikaipiga na kuitoboa. Mabaharia wakaziba matundu, wakatoka usiku, wakafika salama Batavia, Jakarta ya leo, kwa Waholanzi, ambao hawakuwa upande wowote katika vita.

Anayeijua Sudi hashangai. Mwaka juzi nilikwenda na rafiki yangu mvuvi. Tukiwa bado nje, mlango wa ghuba hauonekani kabisa, ni mstari wa mikoko tu. Akanyoosha kidole: "Pale." Mimi sikuona kitu. Tulisogea mpaka maji yakabadilika rangi, kijani kikageuka kahawia, ndipo mkono wa bahari ukafunguka mbele yetu kama mtu aliyefungua mlango wa uani. Sasa mfikirie nahodha wa manowari mwenye pwani ya takriban kilomita 800 ya kulinda, na vijito na ghuba za namna hiyo kutoka Tanga hadi Ruvuma.

Kwenye sheria, neno linalobeba kesi yako liliandikwa Paris mwaka 1856, katika tamko la mataifa: mzingiro, ili ufunge watu, lazima uwe wa kweli, yaani ushikwe na nguvu inayotosha kweli kuzuia kuifikia pwani ya adui. Sababu yake ilikuwa kero ya muda mrefu. Katika vita vya zamani vya Ulaya mfalme angeweza kukaa kwenye kiti chake na kutangaza kwamba pwani nzima ya jirani imefungwa, bila hata mashua moja kuwa huko, kisha akakamata meli za wafanyabiashara popote baharini kwa kisingizio hicho. Huo ndio uliokuwa mzingiro wa karatasi.

Anayesema mzingiro wa 1915 ulikuwa wa karatasi ana hoja ya kusikilizwa. "Kuzuia" maana yake ni kuzuia. Meli ya chuma si ngalawa. Ikiwa imeweza kuingia, kukaa wiki kadhaa, kushusha mizinga na kutoka tena hata baada ya kugunduliwa, mlinzi alikuwa wapi? Mimi naona kutoka kwake kunauma zaidi kuliko kuingia. Kuingia unaweza kusema ni giza na bahati. Lakini mtu uliyekwisha mwona chumbani, akapita mlango uleule mmoja, hapo ulinzi wa Sudi ulikuwa umelegea.

Hata hivyo mahakama hazijawahi kulisoma neno "kuzuia" kwa ukali huo. Mwaka 1899 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya meli ya Kifaransa, Olinde Rodrigues, iliyokamatwa karibu na San Juan, Puerto Rico. Bandari ile ilikuwa ikilindwa na manowari moja tu. Mahakama ikasema moja inatosha: kipimo si idadi ya meli, kipimo ni kama anayejaribu kuingia anajitia katika hatari ya kweli ya kukamatwa. Kisha, jambo ambalo wengi hulisahau, mahakama hiyohiyo ikairudisha meli kwa wenyewe, kwa sababu ushahidi kwamba ilikusudia kuingia haukutosha. Mzingiro unaweza kuwa halali, na ukamataji mmoja usiwe na msingi.

Kwa kipimo hicho, iangalie pwani yetu. Meli ya kwanza ya msaada, Rubens, ilifukuzwa Aprili 1915 mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishia kuungua humo, ingawa Wajerumani walizamia na kuopoa sehemu kubwa ya shehena. Ya pili ndiyo Marie. Upande wa pili wa hesabu ni bara, ambako Wajerumani walilazimika kujitengenezea karibu kila kitu, hata kwinini kutoka magome ya miti ya kituo cha utafiti cha Amani. Mtu anayepata mizigo yake baharini hachemshi magome. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mzingiro ulikuwa wa kweli kisheria, ukiwa na tundu Sudi. Mwenzangu mmoja wakili wa hapa Mtwara hakubaliani. Anasema sheria ikishavumilia tundu la wiki kadhaa, kesho itavumilia la miezi, na anayeumia ni mfanyabiashara asiyehusika anayekamatwa kwa jina la ulinzi usiokuwepo. Sina jibu la kumfunga mdomo, ila kumkumbusha kwamba hilo ni swali la ushahidi, bandari kwa bandari na mwezi kwa mwezi.

Na hapo kuna jambo ambalo simulizi la babu linalificha. Marie ilikuwa meli ya adui. Meli ya adui hukamatwa popote kwenye bahari kuu, kuwe na mzingiro kusiwe. Mzingiro kama kitu cha sheria umewekwa kwa ajili ya wasiohusika: jahazi la Maskati, la Mreno kutoka kisiwa cha Ibo, Msumbiji, meli ya Mholanzi. Hao ndio wanaopoteza haki ya kufanya biashara waliyokuwa nayo jana, na ndio maana sheria inawataka wajulishwe.

Tangazo la Waingereza lilikuwa safi kwa maandishi. Mzingiro ungeanza saa sita usiku wa kuamkia Machi 1, 1915, kutoka latitudo ya nyuzi 4 na dakika 41 Kusini hadi nyuzi 10 na dakika 40 Kusini, visiwa vikiwemo, na meli zisizo na upande zilipewa siku 4 za kutoka. Ukichukua ramani utaona kitu kizuri. Mwaka 1888, Waingereza na Wajerumani walipofunga pwani hii pamoja kuzuia silaha kuingia na watumwa kutoka, mpaka wao wa kusini ulikuwa nyuzi 10 na dakika 28, karibu na mlango wa Ruvuma. Mwaka 1915 ni dakika 12 zaidi, yaani maili 12 za baharini, kama kilomita 22. Kilichoongezeka hapo ni Kionga, pembe ya ardhi upande wa pili wa mto ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894. Karani aliyeandika tangazo alijua anachoandika. Na ilibidi ajue, maana ukikosea mipaka au tarehe, mwenye jahazi anaweza kudai kwamba tangazo halimhusu.

Siku nne, lakini, ndizo zinazonisumbua. Kwa meli ya mvuke zinatosha. Kwa jahazi, Machi 1 kaskazi bado inavuma. Jahazi la Maskati lililokuja Lindi na kaskazi hungojea kusi, inayoanza kushika Aprili, ndipo lirudi. Kulipatia siku nne ni kuliambia lipande upepo kwa uso. Jahazi la Ibo halina tatizo, linashuka na kaskazi siku hiyohiyo. Tangazo moja, siku zilezile nne, na wawili hawakupata kitu sawa. Anayewatetea Waingereza atasema kila vita ina haraka yake, na jahazi lingeweza kutoka nje ya mipaka hata kuelekea kusini likangoje huko kwa Mreno. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nahodha aliyetia nanga Kilwa au Mikindani aliipata habari kwa mdomo, na siku zilikuwa zinahesabiwa kuanzia mzingiro wenyewe, si kuanzia siku aliyosikia.

Sharti la kutopendelea ni kitu kingine. Hakumaanishi mzingiro uwatendee wote kwa upole uleule. Kunamaanisha usimfungulie mmoja lango ulilomfungia mwingine. Mwaka 1854, wakati wa vita na Urusi, Waingereza walikamata meli ya Denmark, Franciska, ikielekea Riga. Kesi ikapanda hadi baraza la juu la rufaa la Uingereza yenyewe. Ikaonekana kwamba wakati Mdenmark anazuiwa, Waingereza na Wafaransa walikuwa wameruhusu biashara fulani na Warusi iendelee kwa manufaa ya watu wao. Baraza likasema huwezi kumfungia mgeni mlango ili ubaki na soko peke yako, na meli ikarudishwa. Mahakama ya nchi ikaiangusha serikali yake katikati ya vita.

Mfano wetu wa kutopendelea ni Ruvuma. Hadi Machi 9, 1916, Ujerumani ilipomtangazia Mreno vita, upande wa kusini, ukiacha Kionga, ulikuwa nchi isiyo na upande, na mzingiro hauruhusiwi kufunga pwani ya nchi kama hiyo. Meli ikishusha vitambaa Palma, na vitambaa vikavushwa mto kwa mitumbwi usiku, manowari haina la kufanya kwa jina la mzingiro. Wanaoupinga mzingiro hutumia hilo kusema ni silaha butu. Mimi nalisoma kinyume: kikomo hicho ndicho kilichoufanya ubaki sheria, maana bila hicho Mwingereza angefunga hadi Msumbiji na kuita hiyo ulinzi.

Kilichobadilika tangu siku za Marie ni tumbo. Kanuni za Paris hazikuuliza raia wanakula nini. Mwongozo wa wataalamu uitwao wa San Remo, wa mwaka 1994, unarudia yale ya tangazo, ukweli na kutopendelea, kisha unaongeza kwamba mzingiro ni haramu ikiwa lengo lake pekee ni kuwashindisha raia njaa, au ikiwa madhara kwao yanazidi mno faida ya kijeshi. Neno "pekee" ndilo linalopiganiwa. Kamanda yeyote atapata sababu ya pili ya kuweka pembeni ya njaa, na ndiyo maana mapigano ya hoja siku hizi yamehamia kwenye ile sehemu ya madhara yanayozidi, ambako lazima uhesabu magunia ya unga na watoto waliolazwa.

Kuhusu Sudi, mwambie babu kwamba mwisho wake haukuhitaji mahakama. Septemba 1916 Waingereza waliteka Lindi na Mikindani wenyewe, na huwezi kuzingira bandari uliyoikalia.