Bahasha Isiyo na Jina la Dawa

Wifi yangu alipolazwa, ngozi ya mgongo wake ilikuwa imeanza kubanduka na kubaki kwenye shuka, na daktari aliyempokea aliuliza swali moja tu kabla ya kugusa chochote: katika wiki 4 zilizopita, ni dawa gani mpya aliyoimeza? Sote tuliokuwapo tulijibu kwa haraka kwamba ni ile ya maumivu aliyopewa siku 3 kabla. Tulikosea, na nilivyo mfamasia kosa hilo liliniuma zaidi kuliko wengine, kwa sababu ndilo kosa ambalo ugonjwa huu humtegeshea kila mtu.

Nieleze ilivyokwenda. Alikuwa na maumivu ya mkojo, akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge katika bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "2x2" kwa kalamu, bila neno jingine lolote. Alimeza vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 7, mkojo ukatulia, akaitupa bahasha. Siku ya 10 tangu kidonge cha kwanza akapata homa, koo likawa linamkereketa na macho yakamchoma kama mtu aliyekaa kwenye moshi. Alikwenda zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na homa. Siku ya 12 midomo ilivimba na kinywa kikajaa vidonda, akaambiwa ni fangasi na kupewa dawa ya kusukutua. Siku ya 13 asubuhi madoa yenye kitovu cheusi yalitokea kifuani, na jambo ambalo hakuna aliyelipa uzito ni kwamba alikataa kuvaa blauzi kwa kuwa kitambaa kikimgusa kilimuuma. Jioni madoa yalikuwa malengelenge.

Daktari alirudia swali lake kwa upole. Wifi alijibu kwa shida, maana kinywa hakikufunguka vizuri: "Hakuna nyingine, daktari, labda zile za mkojo, na zile nilishazimaliza."

Hapo ndipo penye jibu. Ugonjwa huu, unaoitwa kwa majina ya Stevens na Johnson, madaktari wa Marekani walioueleza mwaka 1922, kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa asiyowahi kuitumia. Kinga ya mwili huhitaji siku hizo ili kuitambua dawa na kuandaa chembe zitakazoishambulia ngozi yenyewe, na zikishaandaliwa hazijali kwamba kidonge cha mwisho kilimezwa juzi. Ndiyo maana dozi inaweza kumalizika salama na balaa likaja baadaye. Aidha, ugonjwa hutanguliwa na siku 1 hadi 3 za homa, koo na macho, na homa hiyo humpeleka mgonjwa kutafuta dawa nyingine. Dawa hiyo ya pili ndiyo inayolaumiwa ngozi inapochubuka. Lakini dawa iliyotolewa kwa sababu ya homa haiwezi kuwa ndiyo iliyoileta homa hiyo. Tulipohesabu siku kurudi nyuma, kisha ndugu yake akaenda dukani na kuuliza ni nini kilichouzwa, tuliambiwa ni Septrini, dawa yenye salfa, ambayo ni miongoni mwa zinazosababisha ugonjwa huu mara nyingi zaidi. Zipo nyingine: dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na lamotrijini, nevirapini iliyotumika sana kwa wenye virusi vya ukimwi, na alopurinoli ya jongo.

Watu huniuliza watautofautishaje na upele wa kawaida wa dawa, kwa kuwa huo ni mwingi na wengi hupona bila shida. Upele wa kawaida huwasha. Huu huuma, na maumivu hutangulia malengelenge. Upele wa kawaida hauchimbi vidonda mdomoni, ilhali huu hushika sehemu laini za mwili, mara nyingi mbili au zaidi kwa pamoja: kinywa na macho, au kinywa na sehemu za siri. Mama mwenye mtoto anaweza kudhani ni surua, kwani surua nayo huleta homa na macho mekundu, lakini surua huja na mafua na kikohozi, na haibandui ngozi ikaacha nyama mbichi. Mtu aliyeanza dawa karibuni, akapata homa, vidonda vya kinywa na ngozi inayouma, asisubiri malengelenge. Aiache dawa aliyoianza karibuni na aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata dawa ya kifafa huachwa, ila ni sharti afike kwa daktari bila kuchelewa ili apewe nyingine ya kuzuia degedege.

Wodini daktari alipima eneo lililobanduka kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, ambacho pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote. Wifi alikuwa na viganja 8. Chini ya 10, wengi hupona, ingawa takriban mtu 1 kati ya 10 anaweza kufariki. Likizidi 30, hufariki karibu mtu 1 kati ya 3 au zaidi. Hakuna sindano inayouzima ugonjwa huu kwa uhakika. Tiba ni kuondoa dawa, kumpa maji, kumlinda na baridi na maambukizi, na kufunika vidonda kwa shashi yenye vaselini bila kuchuna ngozi iliyolegea. Daktari wa macho aliitwa siku ya kwanza, na ninasisitiza jambo hilo kwa sababu kope zinaweza kugandana na jicho, na wapo waliopona ngozi wakabaki na upofu.

Kulikuwa na tukio dogo ambalo bado hunitisha. Muuguzi, kwa nia njema, alichukua krimu nyeupe ya majeraha ya moto ili ampake mgongoni. Krimu hiyo ni silva salfadiazini, nayo ni salfa. Daktari aliiona na kumzuia, lakini kama tungekuwa bado tunailaumu dawa ya maumivu, hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kumzuia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na ninayasema kwa wenzangu wa kaunta: kuuza dawa katika bahasha isiyo na jina ni kosa la kitaaluma, wala si uzembe mdogo wa kusameheka kwa sababu ya foleni. Jina la dawa, nguvu ya kidonge na tarehe huandikwa kwa sekunde 20. Anayepokea dawa naye aombe jina liandikwe, na aihifadhi bahasha kwa miezi 2 hata kama amepona. Madhara yakitokea, yaripotiwe; hapa Tanzania fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo kwa kazi hiyo.

Wifi alitoka baada ya wiki 3 akiwa na kadi iliyoandikwa kwamba asipewe tena Septrini wala dawa nyingine ya salfa ya jamii hiyo, maana mara ya pili ugonjwa unaweza kuja upesi na kwa ukali zaidi. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito. Kliniki, muuguzi alimletea kikombe cha maji na vidonge 3 vya SP vya kuzuia malaria, ambavyo wajawazito hupewa kumeza papo hapo, na ambavyo ndani yake mna salfa. Wifi alifungua pochi, akatoa kadi, akamwambia: "Dada, naomba usome hii kwanza."