Dole gumba kwenye mdomo wa mpira

Swali ambalo mafundi wa sola huulizwa kila mara ni hili: betri nikiipima inasoma volti 12.6, imejaa kabisa, mbona nikiwasha tivii inveta inapiga kelele na kukata? Mara nyingi mwenye swali hili hahitaji betri mpya. Anahitaji kuelewa kwamba volti anazozipima wakati hakuna kinachotumia umeme si zile zinazofika kwenye inveta kazi ikianza.

Vitabu vingi vya fizikia hueleza jambo hili kwa pampu inayozungusha maji ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mfano huo ni sahihi, lakini kwa maoni yangu haumsaidii mtu huyu, kwa sababu hajawahi kuona maji yakizunguka namna hiyo. Anabaki na vitu viwili vigeni badala ya kimoja. Mimi naona ni bora kuanza na tangi lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba na mpira wa kumwagilia bustani, hata kama mfano huo una kasoro.

Mwambie afungue koki, kisha azibe mdomo wa mpira kwa dole gumba. Mpira unakakamaa, na dole linasukumwa kwa nguvu. Presha yote ya tangi imefika pale kwa sababu maji hayatembei. Sasa aondoe dole. Maji yanatoka, mpira unalegea, na presha pale mdomoni inashuka ingawa tangi halijapungua. Sehemu kubwa ya presha imeliwa njiani, kwa maji kusuguana na kuta za mpira. Mpira ukiwa mrefu au mwembamba, italiwa zaidi. Volti ni ile presha, ampea ni wingi wa maji yanayopita, na waya ndio mpira. Kupima inveta ikiwa imezimwa ni kupima dole likiwa bado limeziba.

Tuseme inveta iko mita 10 kutoka kwenye betri, waya ni wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, na vyombo vinavuta wati 120, yaani kama ampea 10 kwenye volti 12. Ukinzani wa shaba ni takriban omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita 1 ya mraba. Kwa hiyo tunazidisha 0.0175 kwa 10, tunagawa kwa 1.5, tunapata omu 0.117. Mara ampea 10, ni volti 1.2 zilizopotea. Inveta ingepata 11.4 na isingelalamika.

Lakini inalalamika, na hapa ndipo kasoro ya mfano inapojitokeza. Maji ya bustani yakishamwagika yameisha. Hayarudi kwenye tangi. Umeme lazima urudi betrini, kwa hiyo kuna waya wa kwenda na waya wa kurudi, na mita 10 ni mita 20. Hasara halisi ni volti 2.3, na inveta inapata 10.3. Inveta nyingi za volti 12 hukata karibu na 10.5. Anayefundisha kwa mfano wa tangi bila kutaja waya wa kurudi atamfanya mwanafunzi akosee hesabu kwa nusu nzima.

Kasoro ya pili ni ya maneno. Koki iliyofungwa huzuia maji, ilhali sakiti iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Usipolisema hili mapema, litamchanganya mtu kwa miezi. Ni afadhali kusema swichi imewashwa au imezimwa, na kuliacha neno “kufunga” kwa ajili ya koki.

Kuthibitisha, washa tivii, weka mita kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vituo vya inveta, kila kitu kikiwa kinafanya kazi. Betri ikisoma 12.5 na inveta 10.2, tofauti hiyo imebaki kwenye nyaya na viungio kama joto, zaidi ya wati 20, na ukizishika nyaya utahisi uvuguvugu. Betri yenyewe ikishuka ghafla hadi 10.5, hapo ndipo uilaumu betri.

Dawa nayo iko kwenye mpira. Maji machache yakipita, hata mpira mwembamba haupotezi presha nyingi. Sogeza inveta hadi mita 1 kutoka kwenye betri, uiunge kwa waya wa milimita 16 za mraba. Hasara hapo ni kama volti 0.02. Zile mita zilizobaki, tuseme bado 10, zipite kwenye upande wa volti 230 zinazotoka kwenye inveta, ambako wati 120 ni kama nusu ampea tu. Waya uleule wa 1.5 sasa unapoteza volti 0.12 kati ya 230, na tivii inawaka hadi mwisho wa taarifa ya habari.