Fulana ya M iliyoizidi ya L

Nilizitandika mezani fulana mbili kutoka mzigo mmoja, lebo moja imeandikwa M na nyingine L, na ile ya M ilikuwa pana kuliko ya L kwa nusu sentimita. Nikampigia simu msimamizi wa kiwanda nikiwa tayari nimepandisha sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu: "Dada, fungua karatasi yako mwenyewe, ukurasa wa tatu."

Nikafungua. Alikuwa sahihi. Zote mbili zilikuwa ndani ya nilichokubali kwa maandishi.

Hiyo karatasi ndiyo watu wa mavazi wanaiita tekipaki: hati ambayo kiwanda kinaifuata kushona nguo yako bila wewe kuwepo. Ndani yake kuna mchoro bapa wa mbele na nyuma, jedwali la vipimo, maelezo ya ushonaji, na safu moja nyembamba pembeni mwa vipimo ambayo wengi huijaza mwishoni, wakiwa wamechoka. Mimi naiita safu ya ruhusa. Inasema kipimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani na nguo bado ikapokelewa. Maoni yangu ni kwamba hiyo ndiyo safu ya kuanza kuifikiria, kwa sababu ndiyo mkataba wenyewe. Vile vipimo vingine ni matumaini tu.

Tazama hesabu iliyoniponza. Upana wa kifua, fulana ikiwa imelazwa, niliandika sm 54 kwa M na sm 56.5 kwa L. Kwa hiyo kati ya saizi na saizi kuna hatua ya sm 2.5. Kwenye ruhusa nikaandika ±1.5, namba niliyoinakili kutoka hati ya koti. M ikaruhusiwa kufika 55.5, na L ikaruhusiwa kushuka hadi 55. Mkaguzi akapitisha zote, na alikuwa na haki. Ruhusa inatakiwa iwe chini ya nusu ya hatua ya saizi, la sivyo saizi zinapandana. Hapa nusu ni 1.25, hivyo siku hizi naandika ±1: M inaishia 55, L inaanzia 55.5, na hakuna anayemvaa mwenzake.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kuandika ±0.3 kila mahali ili waonekane makini. Huko ni kutojua kinachotokea mezani na kwenye mashine. Kitambaa cha fulana hukatwa kikiwa tabaka nyingi zilizopangana, na tabaka la juu halitoki sawasawa na la chini. Kisha fundi wa ovaloki akila milimita 3 tu zaidi ya nafasi ya mshono ubavuni, kipande cha mbele na cha nyuma vyote vimepoteza milimita 3 kila upande, na upana wa fulana umeshapungua sm 0.6. Hakukosea sana, ni mkono wa binadamu na mashine inayokwenda kasi. Ukimpa kiwanda ±0.3 kwenye kifua, au atakataa kazi, au (mara nyingi zaidi) atakubali na asiitazame tena ile safu.

Lakini hata ruhusa nzuri haina maana kama mimi na mkaguzi hatupimi mahali pamoja. "Urefu: sm 72" ni maneno ambayo hayajakamilika. Urefu kutoka wapi? Mimi huanzia ncha ya juu ya bega, pale mshono wa bega unapokutana na shingo, nashuka wima hadi kwenye pindo la chini. Mwingine huanzia katikati ya shingo kwa nyuma, chini ya kola. Shingo ya nyuma ikiwa imechimbwa sm 2, fulana yake ya 72 ni fulana yangu ya 74, na wote wawili tumepima bila kosa. Kifua vivyo hivyo: naandika "sm 2.5 chini ya kwapa, mshono hadi mshono, fulana imelazwa bila kuvutwa". Kila mstari wa jedwali una herufi, na herufi hiyo hiyo iko kwenye mchoro bapa na mshale unaoonyesha tepu inaanza wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana mchoro huo hauna haja ya mwanamitindo mwenye kiuno chembamba wala vivuli vya penseli. Unachora nguo iliyolala mezani, kwa uwiano wa kweli, kwa sababu fundi akiona mkono wa fulana umefika kiwiko kwenye mchoro huku jedwali likisema sm 20, ataamini macho yake.

Halafu maji. Pamba ya kufumwa inaweza kupungua asilimia 5 kwa urefu ikifuliwa, na asilimia 5 ya sm 72 ni sm 3.6. Hapo ruhusa yako yote imemezwa na ndoo moja. Kwa hiyo juu ya jedwali kuna sentensi moja ninayoiandika kwa herufi nene: vipimo hivi ni vya nguo iliyokwisha kufuliwa na kukauka. Kiwanda kikijua hivyo, kitapima upungufu wa kitambaa chenyewe kwanza, kisha kitakata kirefu zaidi. Kwa mfano huu, takriban sm 75.8.

Si kila ruhusa lazima iende pande zote mbili. Shingo ikivutwa lazima ipitishe kichwa, na kichwa cha mtu mzima ni mzunguko wa takriban sm 57, wengine zaidi. Mimi naandika mzunguko wa shingo ikivutwa kabisa: sm 62, na ruhusa ni −0, +2. Ikizidi kidogo haina neno. Ikipungua, mteja anakwama gizani ndani ya fulana mpya.

Maelezo ya ushonaji sitayazungumzia sana, isipokuwa jambo moja: "shona imara" si maelezo. Mishono ina namba zake katika viwango vya ISO 4915, na mafundi wa viwandani wanazijua. Ubavuni naandika 514, ovaloki ya nyuzi nne. Pindo la chini naandika 406, sindano mbili, upana sm 2. Mabegani naongeza utepe ndani ya mshono ili bega lisirefuke kadiri fulana inavyotundikwa. Namba hizo hazihitaji lugha ya pamoja, na kwa hati inayosafiri hilo ni jambo kubwa.

Sasa kabla ya kutuma hati yoyote, nampa mdogo wangu, ambaye hana habari na mavazi, sampuli, tepu na karatasi yenyewe. Natoka chumbani. Wiki iliyopita alirudi na namba zilizolingana na zangu isipokuwa moja, upana wa mkono: mimi 19, yeye 21. Nikamuuliza ameupimaje. Akanionyesha kwamba ameufuata mshono kutoka kwapani hadi begani, wakati mimi nilikuwa nimepima kuanzia kwapani kwenda juu, kwa pembe ya mraba na ukingo wa mkono. Nikaisoma tena ile sentensi yangu. Ilisema "upana wa mkono" basi. Nikakaa chini nikaiandika upya.