Kipato kimebadilika, amri ya matunzo haijabadilika

Katika miaka niliyokaa na wazazi wanaodaiana matunzo ya watoto hapa Tanzania, nikiwa msaidizi wa kisheria, nimeona kosa moja likirudiwa kuliko mengine yote: mzazi ambaye kipato chake kimeshuka hujipunguzia mwenyewe kiwango kilichoamriwa, akiamini kwamba kila mtu anaiona hali yake na mahakama itamwelewa siku itakapomwita. Naliita kosa kwa sababu amri ya matunzo haishuki pamoja na mshahara. Inabaki ilivyo hadi mahakama iibadilishe, na kila shilingi isiyolipwa inahesabika kuwa deni.

Baba mmoja niliyemfahamu alikuwa mpishi wa hoteli, akipokea shilingi 900,000 kwa mwezi, na mahakama ilikuwa imemwamuru atoe 250,000 kwa ajili ya watoto wake wawili wanaoishi na mama yao. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, alianza kuendesha bajaji ya mtu na kubakiwa na kama 400,000 baada ya hesabu ya tajiri. Kwa miezi sita alituma 100,000 kwa simu, bila kufika mahakamani hata mara moja. Mama wa watoto aliandika kila muamala kwenye daftari la shule, na alipopeleka dai la malimbikizo, hesabu ilikuwa rahisi: 150,000 mara sita, yaani 900,000.

Sheria ilikuwa imempa njia. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinairuhusu mahakama, wakati wowote, kubadilisha au kufuta amri ya matunzo ya mtoto kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi, iwapo itaridhika kwamba amri ilitokana na maelezo ya uongo au makosa kuhusu ukweli, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi cha maana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaruhusu amri ya matunzo kubadilishwa, kwa hiyo hata wazazi ambao hawakufunga ndoa hawakosi mlango. Kinachopelekwa ni hati ya maombi pamoja na hati ya kiapo, kwenye mahakama iliyotoa amri, ikitajwa namba ya shauri la awali.

Mzigo wa kiapo hicho ni kuonyesha tofauti baina ya siku ya amri na leo. Wengi hukijaza malalamiko ya zamani kuhusu ndoa, mambo ambayo hakimu alikwisha kuyasikia. Mpishi wetu alihitaji vitu vitatu tu: hati ya mshahara wa mwisho, barua ya kuachishwa kazi, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha anachopata sasa. Barua ile ina uzito wa pekee, kwa maana inathibitisha kwamba hakuacha kazi kwa hiari yake. Mtu aliyejiuzulu ili aonekane hana kitu hawezi kutarajia huruma ileile, na kwa maoni yangu hastahili.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa kupata kipato, watoto wengine wanaomtegemea mzazi huyo, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Ndiyo maana maombi ya kupunguza yanaweza kujibiwa kwa kiapo kinzani cha mama kinachoonyesha kwamba gharama zimepanda. Kifungu hichohicho kinamsaidia mama anayeomba nyongeza baada ya baba kupandishwa cheo. Asikate tamaa kwa kuwa hana hati ya mshahara wa mwenzake: aiombe mahakama imwamuru ailete pamoja na taarifa ya benki, na aombe pia afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya nyumba zote mbili.

Ninaamini hakimu anapotoa amri ya kwanza angepaswa kuwaeleza wazazi, kwa Kiswahili chepesi na papo hapo, kwamba kipato kikibadilika warudi mwezi huohuo. Wengi hutoka pale wakidhani amri imefunga mlango.

Mpishi alipopeleka maombi hatimaye, kiwango kilishushwa hadi 150,000 kuanzia hapo, lakini yale 900,000 ya nyuma yalibaki, akaruhusiwa kuyalipa 50,000 kila mwezi. Kwa miezi 18 akawa anatoa 200,000, nusu ya kipato chake, ilhali angefika mahakamani wiki ile aliyopokea barua angekuwa anatoa 150,000 tu, na watoto wasingekaa nusu mwaka wakipata chini ya hapo.