Una asilimia 60 ya hisa, lakini utalipwa ngapi?

Waanzilishi wa kampuni changa huogopa sana kumegwa hisa. Nadhani hofu hiyo ingewafaa zaidi kama ingeelekezwa kwenye kipengele kingine cha mkataba: haki ya mwekezaji kulipwa kwanza kampuni inapouzwa.

Tuseme raundi ya awali ya uwekezaji iliingiza dola 500,000, na kampuni ikathaminiwa dola milioni 2.5 pamoja na fedha hizo. Mwekezaji akapata asilimia 20. Raundi ya A ikaleta milioni 3 kwa thamani ya milioni 12, sawa na asilimia 25. Waanzilishi sasa wana 60, mwekezaji wa awali 15. Miaka kadhaa baadaye kampuni inauzwa kwa milioni 8.

Kwa hesabu ya asilimia tupu, waanzilishi wangepata milioni 4.8. Ila wawekezaji hawa wana hisa za upendeleo, zenye haki hiyo ya kulipwa kwanza. Ikiwa mkataba unamtaka kila mwekezaji achague kati ya kurudishiwa mtaji wake na kugawana kama wenye hisa za kawaida, yule wa raundi ya A atachukua milioni 3 zake. Wa awali atachagua kugawana, apate milioni 1, na waanzilishi wabaki na 4. Lakini mkataba ukiwaruhusu kurudishiwa mtaji na bado wagawane kinachobaki, waanzilishi wanaambulia milioni 2.7. Hiyo ni theluthi ya mauzo kwa mwenye asilimia 60.

Je, ni dhuluma? Kulipwa kwanza kwenyewe si dhuluma. Bila kinga hiyo, waanzilishi wangeweza kupokea milioni 3 leo, kesho wauze kampuni kwa milioni 4, waondoke na 2.4 ambazo nyingi ni fedha za mwekezaji. Hakuna mfuko wa uwekezaji ambao ungekubali.

Kuchukua mara mbili ndiko kunakonisumbua. Wawekezaji hujitetea kwamba ni malipo ya kukubali thamani kubwa ambayo mwanzilishi aliing'ang'ania, na mara nyingine wanasema kweli: wapo wanaotaka namba ya kutangazia watu, kisha wanailipia kwenye masharti. Kampuni ikiuzwa milioni 40 tofauti ni ndogo kwa uwiano, waanzilishi wakipata 24 dhidi ya 21.9. Maumivu yako kwenye mauzo madogo, na hayo ndiyo ya kawaida zaidi.

Baadhi ya wanasheria hupendekeza kuweka ukomo, kwa mfano mwekezaji asizidishe mara mbili ya mtaji wake. Katika mauzo yetu ya milioni 8 ukomo huo haubadilishi mengi: mwekezaji wa awali anakomea milioni 1, waanzilishi wanapanda hadi 2.8 tu, na mwekezaji wa A haguswi kwa sababu amepata milioni 4.2 tu na ukomo wake ni 6. Heri kukubali thamani ya chini kidogo na kukifuta kipengele chote cha kuchukua mara mbili, hasa kama wafanyakazi wameahidiwa hisa za kawaida. Wao hulipwa kutoka fungu lile lile la mwisho, na siku ya majadiliano hawakuwepo mezani.