Nundu inayoteleza imebebeshwa kosa la nduguye

"Kama kukaribia nukta kwa nukta hakulindi kitu, mbona bado mnaanza nako? Si mngeenda moja kwa moja kwenye kukaribia kwa pamoja?"

Mfuatano wa funksheni hukaribia kikomo nukta kwa nukta ikiwa kila nukta, ikitazamwa peke yake, hufika kwa wakati wake; hukaribia kwa pamoja ikiwa kosa kubwa kuliko yote kwenye kipande kizima huenda sifuri. Wanaosema kwamba aina ya kwanza hailindi sifa za funksheni, kama kutokatika na eneo, huuliza swali hili huku wakileta shahidi mmoja, nundu inayoteleza, kana kwamba kesi imekwisha. Mimi naona shahidi huyo hajasikilizwa hadi mwisho.

Nundu yenyewe ni hii. Chukua kipande cha mstari kutoka 0 hadi 1. Kwa kila n kuanzia 2, chora pembetatu inayoanzia sifuri, ikapanda hadi kimo cha 1 pale x = 1/n, ikashuka tena hadi sifuri pale x = 2/n. Kutoka hapo grafu inalala chini mpaka mwisho wa kipande. Kwa fomula ni f_n(x) = max(0, 1 − |nx − 1|). Kadiri n inavyokua, pembetatu inasogea kushoto na kuwa nyembamba, ila kimo chake hakipungui hata kidogo.

Sasa simama kwenye nukta moja, tuseme x = 0.1, uitazame ikipita. n ikiwa 2, thamani ni 0.2. n ikifika 5, thamani imepanda hadi 0.5, na kwenye n = 10 kilele kiko juu yako kabisa: 1. Kisha inashuka. Kwenye 15 umebaki na 0.5, na kuanzia 20 ni sifuri tupu, milele. Nukta yoyote iliyo kulia kwa sifuri hupitia hayohayo na hutulia n ikishafika 2/x. Nukta ya sifuri yenyewe haikuguswa tangu mwanzo. Kwa hiyo kikomo, nukta kwa nukta, ni funksheni ya sifuri. Kukaribia kwa pamoja hakupo, kwa sababu kwa kila n ipo nukta, 1/n, ambayo kosa lake bado ni 1 kamili.

Wanaotaka kukaribia kwa pamoja wana hoja nzito, na nzito kuliko zote si ile ya vitabuni. Ni ya mtu anayekokotoa. Tuseme una mfuatano huu na unataka kujua umefika karibu kiasi gani na kikomo. Unapima kosa kwenye nukta 101 zilizopangwa kwa hatua ya 0.01:

```python
def f(n, x):
    return max(0, 1 - abs(n*x - 1))

n = 200
print(max(f(n, k/100) for k in range(101)))
print(f(n, 1/n))
```

Mstari wa kwanza unatoa 0, wa pili 1.0. Jedwali lote limenyamaza, kwa kuwa pembetatu nzima imejificha kati ya 0 na 0.01, mahali ambapo hukuweka nukta hata moja. Ukizidisha nukta mara kumi, nundu itaonekana kwa muda, halafu n ikifika 2000 itapotea tena. Kukaribia kwa pamoja hukupa namba moja ya kosa inayofaa kipande kizima, ulipopima na usipopima. Kukaribia nukta kwa nukta hakukupi namba hiyo, na anayetaka kuchapisha jedwali lenye dhamana ana haki ya kuidai.

Kuna pia hoja ya historia. Mwaka 1821 Cauchy aliandika kwamba mfululizo wa funksheni zisizokatika, ukiwa na jumla kila mahali, jumla yake nayo haikatiki. Mwaka 1826 Abel akaonyesha mfano unaokataa: sin x − sin 2x/2 + sin 3x/3 − … Jumla yake ni x/2 kati ya −π na π, lakini pale π ni sifuri, na upande wa pili inaanza tena kutoka −π/2. Funksheni laini kabisa zimezaa mruko. Tangu Stokes na Seidel, waliolishughulikia jambo hili katika miaka ya 1847 na 1848, na hasa tangu shule ya Weierstrass, kukaribia kwa pamoja ndiko kulikokuwa mlinzi wa mlango.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale nundu inapotajwa kuwa ushahidi kwamba kukaribia nukta kwa nukta *hupoteza* vitu. Ihoji basi: imepoteza nini? Kila f_n haikatiki, na kikomo chake, sifuri, hakikatiki. Eneo chini ya pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, yaani nusu ya 2/n mara 1, ambayo ni 1/n. Linakwenda sifuri, sawasawa na eneo la kikomo. Hakuna kilichoibwa. Hii ni familia iliyofeli mtihani wa kukaribia kwa pamoja, na bado kikomo kimeheshimu kutokatika na kimeheshimu eneo.

Aliyeiba ni ndugu yake, nundu ileile iliyopewa kimo cha n badala ya 1. Hiyo nayo hutulia kwenye sifuri kila nukta, tena kwa ratiba ileile ya 2/x, lakini eneo lake ni 1 kwa kila n. Kikomo kina eneo la sifuri. Kipande kizima cha 1 kimeyeyuka. Nundu hizi mbili huwekwa pamoja darasani kana kwamba ni kitu kimoja, na lawama hugawiwa sawa. Lakini zote mbili zinateleza kwa mwendo uleule na kutulia katika muda uleule. Kilichozitenganisha ni kimo.

Tazama kwa karibu kwa nini nundu fupi haiwezi kuiba. Chagua ukanda mwembamba mwanzoni, kutoka 0 hadi 0.01. Ndani ya ukanda huo sijui nundu iko wapi, na sijali, kwa maana kimo hakizidi 1 na upana ni 0.01, hivyo eneo lililomo halizidi 0.01 kwa n yoyote ile. Nje ya ukanda, n ikishafika 200, kila kitu ni sifuri, na ni sifuri kwa pamoja. Ndiyo, kwa pamoja! Ukimega asilimia moja tu ya kipande, kukaribia nukta kwa nukta kumegeuka kuwa kule kunakosifiwa. Ukanda ukiwa 0.001, subiri hadi 2000. Jaribu sasa hesabu hiyo kwa nundu ndefu: ndani ya ukanda dhamana yako ni 0.01 mara n, na hiyo haikusaidii lolote n ikikua.

Mbinu hii haiishii kwenye pembetatu. Egorov alithibitisha mwaka 1911 kwamba kwenye kipande chenye urefu wenye mwisho, kwa funksheni zote zinazopimika, ukiondoa seti ndogo kadiri upendavyo, kukaribia nukta kwa nukta hugeuka kuwa kwa pamoja kwenye kinachobaki. Na Arzelà alikuwa ameshaonyesha mwaka 1885 kwamba kwenye kipande kama hicho funksheni zikiwa na dari moja ya pamoja, yaani kimo ambacho hakuna hata moja inayokivuka, na kikomo chenyewe kina eneo, basi maeneo huenda yanakotakiwa kwenda. Dari tu. Hakuna aliyedai kukaribia kwa pamoja.

Nakaa hapa kidogo, maana dari yenyewe si lazima iwe bapa. Ipe nundu kimo cha √n. Kilele sasa kinapaa bila mwisho, na ukipima kwa kosa kubwa kuliko yote, mambo yanazidi kuharibika: n ikiwa 10,000 kosa hilo ni 100. Lakini eneo ni √n gawanya kwa n, yaani 1/√n, na kwa n hiyohiyo ya 10,000 ni 0.01. Linaporomoka. Siri iko kwenye bahasha, yaani mstari ambao nundu zote zikichorwa pamoja haziuvuki. Kwa kimo cha √n bahasha ni 1/√x, na eneo lake kutoka 0 hadi 1 ni 2, namba ya kawaida. Kwa kimo cha n bahasha ni 1/x, na eneo la hiyo halina mwisho. Hapo ndipo mlango wa mwizi ulipo. Nadharia ya Lebesgue inasema hivyohivyo kwa ujumla: bahasha ikiwa na eneo lenye mwisho, kikomo na eneo vinabadilishana nafasi bila hasara. Mtihani wa kukaribia kwa pamoja ungezifelisha nundu zote tatu bila kuona tofauti hii.

Wala nundu hizi si za kuchongwa kwa ajili ya mtihani. Wimbi la mraba linaloruka kutoka −1 hadi 1, ukilijenga kwa (4/π)(sin x + sin 3x/3 + sin 5x/5 + …), hutoa mwiba pembeni mwa mruko. Ukijumlisha vipengele n vya mwanzo, kilele cha kwanza kinakaa pale x = π/(2n): kwa vipengele 10 ni karibu 0.157, kwa 100 ni 0.0157. Kimo chake kinakaribia 1.179 na hakishuki chini ya hapo hata ukijumlisha milioni. Wilbraham aliliona jambo hili mwaka 1848, Gibbs akalieleza mwaka 1899, na jina likabaki la Gibbs. Ni nundu inayoteleza, ileile ya kimo kisichopungua na kitako kinachosinyaa. Mfululizo wa Abel nao una miiba hiyo kando ya π. Kudai kukaribia kwa pamoja hapa ni kudai lisilowezekana, kwa sababu jumla za funksheni zisizokatika haziwezi kwenda kwa pamoja kwenye kitu chenye mruko. Hata hivyo eneo, na hata nishati ya wimbi, hutoka sahihi.

Utetezi wangu una mpaka, na mpaka huo ni urefu wa uwanja. Iondoe nundu kwenye kipande cha 0 hadi 1 uiweke kwenye mstari mzima, kimo 1, kitako cha upana wa 2, kilele pale x = n. Sasa haisinyai, inatembea tu kwenda kulia. Kila nukta inatulia kwenye sifuri, dari ya 1 ipo, na bado eneo ni 1 daima. Egorov hasaidii, maana uwanja hauna mwisho. Na kioja ni kwamba ukijifungia kwenye kipande chochote chenye mwisho, kama kutoka −50 hadi 50, kukaribia ni kwa pamoja kabisa kuanzia n = 51, na ulinzi huo haukuokoa eneo lolote. Chora bahasha: kutoka 2 kwenda kulia haishuki chini ya nusu popote, na eneo lake halina mwisho.